Bajeti Imevukwa: Anza na Ombi, Sababu Zifuate

Taarifa nyingi zinazopelekwa kwenye bodi kuhusu mradi uliovuka bajeti huanzia mbali. Aya ya kwanza inakumbusha lini mradi ulibuniwa na nani aliutembelea. Aya ya pili inaeleza mkandarasi alivyopatikana, ya tatu inasimulia mvua, na ya nne inataja bei za nondo. Mjumbe aliyekwisha kuona taarifa za namna hii anajua kinachokuja, kwa hiyo haisomi. Anapekua kurasa za nyuma akitafuta tarakimu. Akiipata mwenyewe kwenye ukurasa wa sita, kila ulichoandika kabla ya hapo kinageuka kuwa utetezi, na maswali yake yatakuwa ya mtu anayehisi kuna jambo alikuwa anafichwa.

Taarifa inayofanya kazi huanza upande wa pili. Sentensi ya kwanza inasema unachopendekeza na kiasi cha fedha kinachoongezeka, halafu ndipo sababu, njia mbadala na hesabu zinafuata. Kusema hivyo ni rahisi. Ugumu ni kwamba huwezi kuandika sentensi hiyo mpaka uwe umefanya hesabu ambayo watu wengi huikwepa, na ndiyo maana wanakimbilia historia ya mradi. Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Chukua shule ya sekondari ya binafsi nje kidogo ya Jiji la Dodoma inayojenga bweni la wasichana 120 la ghorofa moja, wanafunzi 60 chini na 60 juu. Bodi iliidhinisha shilingi milioni 620: mkataba wa ujenzi milioni 540, vitanda na samani milioni 40, ada ya mhandisi mshauri milioni 22, na fungu la dharura milioni 18. Sasa ni mwanzoni mwa Septemba. Shule imeshalipa milioni 410, na kuna hati ya malipo ya milioni 46 ambayo mhandisi ameisaini lakini haijalipwa. Kikao cha bodi ni wiki ijayo.

Mhazini akiangalia daftari lake atasema, na atakuwa sahihi, kwamba hakuna bajeti iliyovukwa. Toa 410 kwenye 620, zinabaki milioni 210. Lipa hati ya 46, zinabaki 164. Hela ipo. Hapa ndipo taarifa nyingi hupotea njia, kwa sababu mwandishi anasubiri fungu liishe kabisa ndipo aseme limevukwa. Lakini bodi inahitaji kujua mradi utagharimu kiasi gani mpaka mlango wa mwisho utiwe kitasa. Kwa hiyo kaa na mhandisi na mkadiriaji majenzi, mpitie kila kilichobaki: kazi za mkataba ambazo hazijafanyika, kazi za ziada zilizokwisha kuagizwa, vitanda, ada ya mhandisi iliyosalia, na zile fedha za zuio ambazo mkandarasi atadai kipindi cha matazamio kikiisha. Hizi za mwisho husahaulika mno, maana hulipwa miezi mingi baada ya jengo kuzinduliwa. Hakikisheni pia kila bei ina VAT ya asilimia 18 ndani yake. Bei aliyoitaja fundi kwa mdomo mara nyingi haina.

Katika mfano wetu kilichobaki kinafika milioni 238. Jumlisha 410, 46 na 238, unapata 694. Mradi ulioidhinishiwa milioni 620 utaishia milioni 694, na upungufu ni milioni 74. Tarakimu hiyo haimo kwenye daftari la mhazini leo. Ingeonekana huko katikati ya Novemba, wakati ambapo bodi isingekuwa na la kuchagua.

Je, milioni 74 ndizo za kuomba? Bado. Fungu la dharura la milioni 18 limekwisha kutumika, na kazi ya milioni 238 iliyobaki haiwezi kwenda bila akiba yoyote. Ukiomba 74 kamili, fundi bomba akikuta bomba la zamani chini ya njia unarudi kwenye bodi. Kurudi mara ya pili kunagharimu zaidi kuliko fedha zenyewe, kwa kuwa kuanzia hapo hakuna tarakimu yako itakayoaminika, hata ile iliyo sahihi. Weka asilimia 5 ya kazi iliyobaki, ambayo ni karibu milioni 12, na uiite kwa jina lake. Usiichanganye kimyakimya na gharama nyingine ili ombi lionekane safi. Ombi sasa ni milioni 86, na kikomo kipya cha mradi ni milioni 706.

Sasa aya ya kwanza inaweza kuandikwa:

«Napendekeza Bodi iidhinishe nyongeza ya shilingi milioni 86 ili bweni la wasichana likamilike kufikia tarehe 15 Desemba, na kikomo cha gharama za mradi kipande kutoka milioni 620 hadi milioni 706. Milioni 74 ni upungufu tunaoujua tayari. Milioni 12 ni fungu la dharura kwa kazi iliyobaki. Napendekeza milioni 50 zitoke kwenye mfuko wa maendeleo na milioni 36 zipatikane kwa kuahirisha malipo ya awali ya basi la shule hadi mwaka ujao wa fedha, kwa hiyo hatutahitaji mkopo. Uamuzi unahitajika kabla ya tarehe 1 Oktoba, siku ambayo mkandarasi anaanza umaliziaji wa ghorofa ya juu.»

Mjumbe akisoma hapo tu na kufunga jalada, anajua anaombwa nini, kiasi gani, kitoke wapi na kwa nini sasa. Angalia kwamba chanzo cha fedha kimo ndani ya pendekezo. Ombi lisilosema fedha zitoke wapi linaitwisha bodi kazi ya menejimenti, na bodi ikiipata kazi hiyo itaifanya kwa kuahirisha ajenda. Tarehe ya mwisho nayo ina sababu yake: plasta ya juu ikishaanza kupigwa, njia ya kupunguza mradi inakuwa imejifunga yenyewe. Kuandika «uamuzi wa haraka unahitajika» bila sababu ya namna hiyo hakumsukumi mtu.

Kuna wanaoona kuanza hivi ni kukosa adabu, hasa mbele ya wazee. Hofu hiyo ina msingi, ila adabu yetu iko kwenye salamu na itifaki, na hizo zibaki. Msalimu mwenyekiti, wataje wajumbe kwa heshima zao, shukuru kwa nafasi, halafu sema: «Mheshimiwa Mwenyekiti, naiomba Bodi milioni 86 za kumaliza bweni.» Mimi naona kumzungusha mzee dakika 20 kabla ya kumtajia kiasi ndiyo dharau hasa. Na kama unaogopa kwamba tarakimu itamshtua mtu, dawa yake haimo kwenye taarifa. Mpigie mwenyekiti siku mbili tatu kabla, na umwone mhazini ana kwa ana na hesabu yako mkononi. Mhazini asiyeafiki mkiwa wawili mnaweza kukaa naye mpaka mkaelewana. Akilisikia jambo mara ya kwanza kikaoni, atalazimika kulinda jina lake.

Baada ya aya ya kwanza zinakuja sababu. Zipange kwa ukubwa wa fedha, usizipange kwa kalenda. Katika mfano huu msingi umeongeza milioni 48: michoro ilidhani ardhi ni ngumu, lakini mashimo yalipochimbwa ulikutwa udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na mhandisi akabadili msingi wa ukanda kuwa jamvi la zege lenye nondo chini ya jengo zima. Matakwa ya usalama wa moto yameongeza milioni 21, kwa ngazi ya nje na mlango wa pili wa dharura ghorofa ya juu. Baraza lililoongezwa upande wa mashariki ni milioni 14. Vitanda vya chuma, ambavyo shule inavinunua yenyewe nje ya mkataba, vimepanda kwa milioni 9. Jumla ni milioni 92.

Mjumbe makini atainua mkono papo hapo: sababu zinatoa 92, aya ya kwanza inasema upungufu ni 74, zile 18 ziko wapi? Jibu liwe limeshaandikwa kabla hajauliza: milioni 18 zilifunikwa na fungu la dharura. Wapo wanaoonyesha 74 pekee kwa sababu ni ndogo zaidi na kitaalamu si uongo. Mkaguzi wa hesabu atakapokuja ataikuta 92, na maswali yataanza upya wakati wewe huna nafasi ya kueleza. Andika tarakimu zote tatu katika sentensi moja: gharama zimeongezeka kwa milioni 92, fungu la dharura limebeba 18, zimebaki 74.

Kwa kila sababu toa jibu la swali ambalo bodi italiuliza kwa vyovyote: je, hili lingeweza kujulikana mapema? Kwa msingi, jibu ni ndiyo. Udongo haukupimwa kabla ya michoro, na upimaji ungegharimu sehemu ndogo sana ya milioni 48. Liseme, na useme ni nani aliyeamua usipimwe, hata kama ni kamati ya ujenzi yenyewe. Lakini ongeza pia jambo ambalo ni kweli na ambalo watu husahau kwenye joto la kikao: udongo ungepimwa mapema, jamvi la zege lingejengwa vilevile. Hasara ya kutopima si milioni 48 zote. Ni ile gharama ya mitaro iliyochimbwa na kuachwa, na ni bodi kupitisha bajeti iliyokuwa ndogo kuliko kazi. Kutenganisha mambo hayo mawili kunapunguza hasira bila kuficha kosa.

Baraza ni kisa tofauti. Waliolitaka ni wajumbe wenyewe, walipotembelea eneo la ujenzi, na mkandarasi akaambiwa aendelee bila kuulizwa bei. Usiliseme kwa kejeli na usilipitie haraka. Andika tarehe ya ziara, nani alitoa agizo kwa mkandarasi na kwa njia gani, basi. Sentensi zisizo na mtendaji, kama «kulijitokeza mabadiliko ya mahitaji», ndizo zinazoamsha maswali ambayo ungeweza kuyamaliza kwa mstari mmoja.

Halafu kuna sababu ambayo haimo kwenye orodha, na inapaswa isiwemo. Mkandarasi ameomba aongezewe fedha kwa sababu saruji na nondo zimepanda. Kabla ya kuliingiza ombi lake, fungua mkataba usome kifungu cha bei. Mikataba mingi ya muda mfupi ni ya bei isiyobadilika, na kupanda kwa nondo ni mzigo wa mkandarasi. Ndiyo maana bei ya vitanda inaingia kwenye hesabu yetu, kwani shule inavinunua yenyewe, lakini bei ya nondo za ghorofa haiingii. Sema waziwazi kwamba ombi hilo lilikuja na limekataliwa, na taja kifungu. Bodi ikiona umekataa kitu, itaamini zaidi ulivyokubali.

Sehemu ya njia mbadala ndiyo watu huiandika kwa uvivu. Wanaweka pendekezo lao na vibaraka wawili wa kuchekesha pembeni, mfano «kusimamisha mradi» na «kutofanya chochote». Bodi inawaona. Weka njia ambayo mtu mwenye akili angeweza kuichagua. Hapa ipo: kumaliza ghorofa ya chini tu kwa Januari na kuiacha ya juu bila umaliziaji. Kazi ya milioni 58 inaahirishwa, na ombi la leo linashuka kutoka 86 hadi 28. Kwa bodi yenye hofu ya fedha, hiyo ni ofa nzuri, nayo inastahili hesabu kamili.

Mhandisi anakadiria kwamba kazi hiyo ya milioni 58 ikifanywa mwakani itagharimu 71, kwa sababu mkandarasi atalazimika kurudisha mafundi, jukwaa na mashine, na ghorofa itakuwa imepigwa na mvua za Desemba hadi Aprili bila madirisha. Jumla ya njia hiyo ni 28 na 71, yaani 99 badala ya 86. Ongeza nafasi 60 zitakazokaa tupu mwaka mzima. Ada ya bweni ni shilingi 1,800,000 kwa mwanafunzi, na hapa kishawishi ni kuandika kwamba shule itapoteza milioni 108. Usiandike. Mwanafunzi asiyekuja hali wala hatumii maji. Tukitoa 1,100,000 za kumtunza, shule inakosa 700,000 kwa kila mmoja, ambazo kwa wanafunzi 60 ni milioni 42. Tarakimu hiyo ni ndogo kuliko 108, lakini hakuna mfanyabiashara kwenye bodi atakayeipangua. Nayo inatosha, kwani milioni 42 na zile 13 za nyongeza zinaonyesha kwamba kuokoa 58 leo kunagharimu karibu kiasi hichohicho ndani ya mwaka mmoja, na bado unabaki na ghorofa ya kumaliza.

Sharti moja la kusema kwa uwazi: hesabu hiyo inasimama tu kama wanafunzi 60 wa juu wapo kweli. Kama maombi ya kujiunga ni machache, pendekezo linageuka, na unapaswa kupendekeza ghorofa ya chini. Kwa hiyo ambatisha idadi ya fomu zilizokwisha kulipiwa. Taarifa inayoeleza ni hali gani ingebadilisha pendekezo lake huwa inaonyesha kwamba mwandishi alilifikia kwa hesabu.

Mwishoni weka kinachobadilika kuanzia sasa, kwa maneno yanayoweza kuthibitishwa. «Usimamizi utaimarishwa» haimpi mtu kitu cha kushika. Andika kwamba hakuna mabadiliko ya michoro yatakayoagizwa bila bei iliyoandikwa na saini ya mkuu wa shule, kwamba yanayozidi shilingi milioni 3 yatasainiwa pia na mwenyekiti, na kwamba fungu jipya la dharura halitaguswa bila mhazini kujua. Andika pia kwamba kila mwisho wa mwezi wajumbe watapata ukurasa mmoja wenye tarakimu nne: kilicholipwa, kinachodaiwa, kilichobaki, na gharama ya mwisho inayotarajiwa. Hiyo ya nne ndiyo ingeitoa taarifa hii miezi mitatu mapema.

Mpangilio huu una mipaka yake. Ikiwa hujui bado upungufu ni kiasi gani, usibuni tarakimu ili tu sentensi ya kwanza ikamilike. Pendekeza kidogo kinachojulikana: hati ya milioni 46 ilipwe, maagizo yote mapya yasimame, na hesabu kamili iletwe kikao cha dharura kwa tarehe uliyoitaja. Ikiwa kuna dalili ya wizi, ombi la fedha si la kwanza tena. Pendekezo la kwanza ni uchunguzi, na fedha zinasubiri. Na kwa taasisi za umma, bodi inaweza kukubali jambo ambalo sheria hairuhusu. Nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali za Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 139, inataka mabadiliko yatangaziwe zabuni peke yake pale yanapopandisha bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Huko sentensi ya kwanza lazima iseme pia kibali gani kingine kinahitajika.

Peleka pamoja na taarifa rasimu ya azimio, ili katibu asilazimike kulitunga kutoka kwenye mazungumzo. Nimeona mihtasari iliyoandika «Bodi ilipokea taarifa na kuagiza mradi ukamilike», na wiki mbili baadaye mhazini akakataa kulipa kwa sababu hapakuwa na kiasi, chanzo wala kikomo kipya. Alikuwa na haki. Azimio liwe na tarakimu zilezile za aya ya kwanza, neno kwa neno: nyongeza ya milioni 86, kikomo cha milioni 706, milioni 50 kutoka mfuko wa maendeleo, milioni 36 kutoka fungu la basi. Bodi ikipunguza kiasi, mfano ikitoa 74 na kuliondoa fungu la dharura, usitoke kikaoni kabla ya muhtasari kuandika nani ataamua, na ndani ya siku ngapi, kazi yoyote isiyotarajiwa ikijitokeza kabla ya tarehe 15 Desemba.